Bei Hupanda Mwezi wa Nne, Alizeti Hupandwa Mwezi wa Kumi na Mbili

Mjadala wa bei ya mafuta ya kula umerudi, na lawama zake za siku zote zimerudi nao. Dodoma na Singida zina ardhi tele, watu wanasema, alizeti inastawi huku, mashine za kukamua zipo hadi vijijini, na bado bei ikipanda mafuta hayaongezeki sokoni. Anayenyooshewa kidole ni mkulima: hasomi soko, amezoea kulima kidogo, anasubiri kusukumwa. Nadhani lawama hiyo imekosea tangu mwanzo. Mkulima wa Kongwa au Chamwino anaisikia bei vizuri sana, ila inamfikia wakati hana la kuifanyia. Alizeti tunayoigombania mwezi wa nne iliamuliwa Desemba iliyopita, na hakuna bei, hata ikiwa mara mbili, inayoweza kurudi nyuma kuongeza mistari shambani. Mbaya zaidi, maamuzi ya serikali yanayogusa bei hiyo, hasa ushuru wa mafuta ya nje, nayo huja katika mwezi ambao mkulima hawezi kuyafanyia chochote.

Wachumi wana kipimo cha jambo hili, wanakiita unyumbufu wa ugavi. Maana yake ni rahisi: bei ikipanda kwa asilimia fulani, bidhaa inayoletwa sokoni inaongezeka kwa asilimia ngapi? Unagawanya ongezeko la bidhaa kwa ongezeko la bei. Jibu likizidi moja, ugavi unanyumbuka. Likikaribia sifuri, ni mgumu kama ngozi kavu. Tuchukue mkulima mwenye ekari nne za alizeti anayepata kilo 400 kwa ekari, mavuno ya kawaida kwa huku kwetu. Ana kilo 1,600. Mia moja anaziweka kwa ajili ya mafuta ya nyumbani, 1,500 ni za kuuza. Sasa bei inaruka kutoka shilingi 800 hadi 1,200 kwa kilo, yaani asilimia 50. Mwezi huo anaweza kufanya nini? Anaweza kupunguza akiba ya nyumbani, familia ikala mboga yenye mafuta kidogo, akaongeza kilo 45 sokoni. Hiyo ni asilimia 3. Tatu kwa hamsini ni 0.06. Amejitahidi kadiri anavyoweza, na soko halikuona tofauti.

Msimu unaofuata ana nafasi zaidi. Tuseme ameongeza ekari ya tano. Lakini ekari ya tano huwa haifanani na zile nne za kwanza, kwa sababu kila mtu huanza na shamba lake zuri. Ya tano ni ile ya mbali, yenye kichanga, au aliyoiberega tu bila kuilima. Itampa kilo 300. Jumla ni 1,900, ongezeko la karibu asilimia 19, na unyumbufu wake ni kama 0.38. Ni hatua kubwa kutoka 0.06, lakini bado ni mbali na moja, na imechukua mwaka mzima. Tena nimedhani kwamba bei ya 1,200 itakuwepo siku anayovuna. Nitarudi kwenye dhana hiyo, maana ndipo watu wengi wanapoumizwa.

Kwanza tuangalie kalenda, kwa sababu mijini tunaisahau. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, zinakatika Aprili, na mwaka wa kawaida zinaleta milimita kati ya 500 na 600. Februari mara nyingi kuna ukavu wa wiki mbili au tatu katikati. Alizeti ya aina ya Rekodi, ambayo wakulima wengi wanaijua, inahitaji karibu miezi minne kukomaa, na inapendwa ikauke wakati mvua zimekwisha ili vichwa visioze. Ukiyaweka pamoja hayo, muda mzuri wa kupanda unabaki kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Januari, na anayechelewa sana anafika mwanzoni mwa Februari. Ni dirisha la wiki tano au sita katika mwaka wa wiki 52. Bei ikipanda ndani ya dirisha hilo, mkulima anaweza kulijibu soko mwaka huo huo. Ikipanda wiki moja baada ya dirisha kufungwa, atalijibu mwaka ujao. Anayelima mchicha bondeni kwa maji ya kisima anajibu bei ndani ya mwezi mmoja. Wa zabibu, kwa upande mwingine, akichomeka vipando leo hatapata mavuno ya maana kabla ya mwaka mmoja na nusu. Wote watatu ni wakulima wa Dodoma, na hakuna aliye mvivu kuliko mwenzake.

Ndani ya dirisha lenyewe kuna milango mingine. Mlango wa mbegu huwa hauzungumzwi, na mimi nauona ndio mgumu kuliko yote. Ekari moja ya alizeti inakula kilo tatu hivi za mbegu. Ekari ya shamba la mbegu, baada ya kupeta na kuchambua, inaweza kutoa kilo 300 zinazofaa, yaani za kupanda ekari 100. Unaona mbegu ya alizeti inavyozaliana haraka, hivyo uhaba wake hauletwi na maumbile ya zao. Unaletwa na muda. Tukitaka wakulima wa kanda hii waongeze ekari 100,000, tunahitaji ekari 1,000 za mashamba ya mbegu, nazo ziwe zimepandwa msimu mmoja kabla. Mashamba hayo yanatakiwa yakae mbali na alizeti nyingine, kwa sababu nyuki hubeba chavua kutoka shamba la jirani na kuharibu usafi wa mbegu, kwa hiyo huwezi kuamka tu ukageuza shamba lolote kuwa la mbegu. Sasa hesabu miezi. Bei inaruka Aprili. Mzalishaji wa mbegu anapanda Desemba ya mwaka huo. Anavuna katikati ya mwaka wa pili, anasafisha, anafungasha, anasambaza Novemba. Mkulima anapanda Desemba, anavuna katikati ya mwaka wa tatu. Kati ya habari ya bei na mafuta yaliyotokana na mbegu mpya kuna zaidi ya miaka miwili.

Asiyepata mbegu ya dukani anapanda aliyoihifadhi mwenyewe. Kama ni Rekodi, itaota, ila baada ya misimu kadhaa ya kuchanganyika na ya majirani inatoa vichwa vya ukubwa tofauti, vinakomaa kwa siku tofauti, na mafuta yanapungua. Kama ilikuwa chotara, watoto wake hawamfuati mama: vingine virefu, vingine vifupi, na shamba zima linayumba. Dalili zake ni wazi Machi ukipita barabarani. Shamba la mbegu nzuri linainama kwa pamoja, vichwa kwa urefu mmoja. La mbegu iliyochoka lina vichwa vinavyochanua pembeni ya vichwa vilivyokwisha kukauka. Kwa hiyo ekari zinaweza kuongezeka kwenye takwimu huku mafuta yakiongezeka kidogo mno.

Mlango mwingine ni mikono. Mtu wa mjini hufikiri kazi ya kilimo ni kupanda. Kupanda ni kazi ya siku chache, hasa ukipata trekta au plau ya ng'ombe, ingawa hata trekta kila mtu anaitaka katika wiki zile zile mbili. Kinachoamua ukubwa wa shamba ni palizi. Alizeti changa haivumilii majani katika wiki zake za kwanza, ikisongwa hairudi. Watu wazima wawili wenye majembe ya mkono wanamaliza ekari moja kwa siku nne au tano. Ekari nne ni siku kumi na nane hivi. Na katika wiki hizo hizo za Januari na Februari, mtama au mahindi ya chakula nayo yanadai palizi, na hakuna mama wa Kigogo atakayeacha chakula cha nyumba kiliwe na majani ili apalilie alizeti ya kuuza. Vibarua? Wapo, lakini Januari kila mtu ana shamba lake, na huo pia ni mwezi ambao nyumba nyingi zina vihenge vitupu na mifuko mitupu. Mkulima aliuza Juni na Julai, akalipa madeni, akanunua sare za shule. Bei inapopanda baadaye, alizeti haiko kwake tena, iko kwenye ghala la mnunuzi. Ongezeko la bei ambalo vitabuni linampa mkulima mtaji wa kupanua shamba, huku linampa mtaji mtu mwingine.

Nililiona hili kwa karibu mwaka 2022. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine tarehe 24 Februari, na Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza mafuta ya alizeti nje. Machi, kipimo cha bei za mafuta ya mimea cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika juu kuliko wakati wowote kabla yake. Tarehe 28 Aprili, Indonesia ikafunga usafirishaji wa mafuta ya mawese hadi tarehe 23 Mei. Sisi tuliokuwa tukiagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta tuliyotumia, tuliyapata yote hayo madukani. Mwezi wa tano nilikwenda kumwona mjomba wangu upande wa Kongwa. Baada ya mbukwa na habari za nyumbani, nikamuuliza, kama mjuaji, kwa nini asiongeze alizeti bei ikiwa hivi. Alinipeleka shambani. Vichwa vilikuwa vimekauka, vimeinama, vinangoja kukatwa. Akaokota fumba la udongo, akalivunja, likamwagika kama unga.

"Mpwa wangu," akasema, "bei imekuja, mvua imeondoka. Sasa nipande wapi?"

Hakuishia hapo. Desemba ile alipanda ekari sita badala ya nne, akauza mbuzi wawili kulipia trekta na vibarua. Alifanya kile ambacho watu wa mijini wanasema wakulima hawafanyi. Lakini Indonesia ilikuwa imefungua milango, mawese yalikuwa yamejaa tena, na katikati ya 2023 kile kipimo cha dunia kilikuwa kimeshuka chini ya nusu ya kilele chake. Bei ya alizeti vijijini iliporomoka wakati magunia yake yakiwa yamepangwa barazani. Msimu uliofuata akalima ekari tatu. Wachumi wanaliita jambo hili utando wa buibui, na Mordecai Ezekiel alilieleza mwaka 1938: wakulima wanapanda kwa bei ya jana, wanavuna kwenye bei ya kesho, na kwa kuwa wote wameijibu bei moja kwa pamoja, mavuno yanafika kwa wingi siku ambayo hayatakiwi, kisha yanakuwa machache siku yanapotakiwa. Kwa mjomba ilikuwa na ukatili wa ziada: kilichoshusha bei yake hakikuwa alizeti ya jirani, yalikuwa mawese ya upande wa pili wa bahari.

Kuna hoja tatu zinazopinga ninayoyasema, na uzito wake haulingani. Hoja ya umwagiliaji ina nguvu. Ni kweli kwamba maji yanaongeza dirisha, na mwenye maji anaweza kupanda Juni. Lakini mtu aliyegharamia pampu au anayelipia maji ya skimu hapandi alizeti. Anapanda vitunguu, nyanya, zabibu, vitu vinavyolipa zaidi kwa kila ndoo ya maji. Umwagiliaji utafanya ugavi wa mboga za Dodoma unyumbuke, na hilo ni jambo jema. Alizeti itabaki zao la mvua kwa muda mrefu.

Hoja ya walanguzi ina ukweli nusu. Wapo wanaonunua Juni na kuficha hadi bei ipande. Ila tukumbuke kwamba ndani ya msimu mmoja ghala ndilo pekee lenye uwezo wa kuongeza bidhaa sokoni. Shamba haliwezi. Mwenye ghala akitoa magunia Februari, bei inatulia kidogo. Akizuiwa kuhifadhi kabisa, alizeti yote itauzwa na kukamuliwa Julai, na Februari hakutakuwa na cha kutoa. Tatizo langu na walanguzi ni kwamba hifadhi iko mikononi mwa wachache na faida yake haimfikii aliyelima. Kuwafukuza hakutaongeza hata gunia moja.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa, kwamba wakulima wetu hawajali bei. Historia ya karibuni inaikataa. India ilipopata ukame mwaka 2014 na 2015, bei ya mbaazi ilipanda sana, na wakulima wa Tanzania, hasa Manyara na kusini lakini pia hapa Kongwa, wakaijibu kwa kupanda zaidi. Mbaazi yetu ya kienyeji inakaa shambani zaidi ya nusu mwaka, kwa hiyo hata hapo jibu lilichukua misimu. Kisha Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi inayoruhusiwa kuingia nchini mwake, na wakulima wetu wakabaki na mzigo ambao hata gharama ya kuvuna haukurudisha. Watu waliofanya hivyo huwezi kuwaita wazembe wa soko. Mchumi Marc Nerlove alionyesha mwaka 1958, kwa kuwachunguza wakulima wa Marekani, kwamba mkulima haangalii bei ya leo peke yake. Anasahihisha matarajio yake kidogo kidogo, kila msimu ukimfunza kitu. Jibu la mwaka wa kwanza huwa dogo, la miaka kadhaa huwa kubwa. Ukisoma hilo ukiwa na mbaazi ya 2017 na alizeti ya 2023 kichwani, utaelewa kwa nini mkulima wa Kongwa anayesikia bei nzuri leo anaongeza nusu ekari na si ekari tano. Amefundishwa, na aliyemfundisha ni soko lenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka wenye kupanga sera wasimame. Bajeti yetu inasomwa Juni. Viwango vya ushuru wa forodha vinavyokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki vinaanza tarehe 1 Julai. Alizeti ya Dodoma inavunwa na kuuzwa kati ya Mei na Julai. Maana yake ni kwamba ushuru wa mafuta ya nje ukipunguzwa Juni ili kumpa nafuu mlaji, unampiga mkulima siku magunia yakiwa mlangoni, kwa zao alilolipanda miezi sita kabla bila kujua. Na ushuru ukipandishwa Juni ili kumlinda, ulinzi huo haumwongezei hata kichwa kimoja cha alizeti mwaka huo, na atakapofika Desemba hana uhakika kama utakuwepo Juni inayofuata. Kwa hiyo hata hatua nzuri inapoteza nguvu. Mlaji naye simdharau. Mama anayeuza vitumbua asubuhi Majengo ana haki ya kununua mafuta kwa bei inayomwachia faida, na bei ikipanda ghafla namna ya 2022, kuagiza nje ndiyo njia pekee ya haraka, kwa sababu shamba, kama nilivyoonyesha, halina haraka. Ninachopinga ni kuifanya nafuu ya dharura ikae hadi mavuno bila kusema itaisha lini.

Mwaka 2021 serikali ilizitaja Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya mkakati wa alizeti, na mbegu za ruzuku zikaanza kugawiwa. Ulikuwa uamuzi sahihi, na ulihitaji mwenzake ambao ungegharimu kidogo sana: kiwango cha ushuru kinachojulikana kwa misimu mitatu mbele, na kama kuna nafuu ya dharura kwa walaji, itangazwe pamoja na tarehe yake ya mwisho, tarehe hiyo iwe kabla ya Mei. Mashamba ya mbegu yapewe mkataba msimu mmoja kabla ya kampeni, maana kampeni inayotangazwa Oktoba kwa mbegu ambayo haikupandwa Desemba iliyopita inagawa mbegu ambayo haipo. Na mkulima apate njia ya kuweka gunia lake ghalani na kukopa juu yake Julai, ili akiwa na gunia hilo Februari, bei nzuri imkute yeye.

Nilimpigia mjomba wiki iliyopita. Nilimuuliza atalima ekari ngapi za alizeti msimu huu. Akasema hajaamua, mbegu bado hazijafika dukani, halafu akaniuliza kama huko mjini nimesikia lolote kuhusu ushuru. Nikamwambia tusubiri Juni. Kukawa kimya kidogo kwenye simu. Kisha akasema yeye anapanda Desemba.